Watu Watatu na Mstari Uliofichwa: Kumkosoa Mwenzako kwa Barua Pepe ya Kifaransa

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, na ninyi nyote ambao kazi inawalazimu kuandika Kifaransa ilhali mnawaza kwa Kiswahili,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumkosoa mfanyakazi mwenzako kwa barua pepe ya Kifaransa bila kuonekana kwamba unamshtaki. Sitaanza na kanuni. Nitaanza na barua niliyoiandika mimi mwenyewe, ambayo nimeihifadhi miaka mingi kwa sababu kila ninapoisoma tena ninaona ndani yake jambo ambalo sikuliona awali.

Nilikuwa nikishirikiana kuandaa ripoti ya kila robo mwaka na mwenzangu ambaye Kifaransa ni lugha yake ya kuzaliwa. Yeye alikusanya takwimu za washiriki wa mafunzo, mimi nikaandika maelezo. Ukurasa wa 7 ulikuwa na jedwali la mistari mitatu: washiriki 184, kisha 153, kisha 130. Chini yake palikuwa na jumla ya 482. Nilijumlisha mara mbili nikapata 467. Tofauti ilikuwa watu 15, na ripoti ilikuwa imekwisha kutumwa kwa mshirika wetu kabla sijaiona, ingawa tulikuwa tumekubaliana niipitie kwanza. Katika ripoti iliyotangulia pia jumla moja haikulingana na mistari yake. Niliandika hivi:

« Bonjour,
Vous avez encore oublié de vérifier le tableau de la page 7. Le total est faux. Je vous rappelle que vous deviez me l'envoyer avant de le transmettre au partenaire. Pourquoi ne l'avez-vous pas fait ? Merci de corriger aujourd'hui.
Cordialement »

Niliisoma mara moja nikaridhika. Hakukuwa na tusi wala kosa la sarufi. Kulikuwa na salamu, shukrani na kwaheri. Kichwani mwangu nilikuwa nimesema tu kwamba amesahau tena kulihakiki jedwali, jumla haiko sawa, tulikubaliana anitumie kwanza, imekuwaje, basi naomba arekebishe leo. Maneno hayo ukiyasema kwa Kiswahili, kati ya watu wanaofanya kazi pamoja kila siku, yanaweza kupita bila mtu kuinua uso. Jibu lililorudi lilikuwa la sentensi moja, na katika kisanduku cha nakala kulikuwa na jina la mkuu wake wa kazi: « Je prends bonne note de vos reproches. » Yaani, shutuma zangu amezipokea na kuziandika. Nilishangaa kweli. Shutuma zipi?

Tuihesabu barua ile. Ina sentensi tano, na neno « vous » limetokea mara nne. Katika nafasi tatu kati ya hizo nne, « vous » ndilo kiima, ndiye mtendaji, na vitenzi vyake ni kusahau, kupaswa na kutofanya. Hapa ndipo penye tofauti kubwa kati ya lugha zetu mbili. Tunaposema « umesahau », mtendaji ni kiambishi kidogo, « u », kilichomezwa na kitenzi. Sikio halikisikii peke yake. Katika Kifaransa mtendaji anasimama kama neno kamili, mbele ya sentensi, na anayesoma anakutana naye kabla hajajua amefanya nini. Ukiziandika sentensi tatu za namna hiyo zikifuatana, msomaji anahisi kidole kimeelekezwa kwake mara tatu.

Isitoshe, kitenzi chenyewe « oublier » kinadai kujua yaliyomo kichwani mwa mtu. Mimi nilijua nini? Nilijua kwamba 184 na 153 na 130 ni 467. Sikujua kwamba kuna mtu aliyesahau. Vivyo hivyo kwa « négliger », kupuuza, na « ne pas faire attention », kutokuwa makini: ni vitenzi vinavyoeleza moyo wa mtu, na hakuna aliyekupa ruhusa ya kuingia humo. Ninapendekeza kwamba kabla ya kutuma barua ya kukosoa, mtu azipitie sentensi zake zote na kuitafuta kila « vous » ambayo ni kiima. Kila anapoipata ajiulize: kitenzi kinachoifuata kinazungumzia jambo lililokwisha kutokea, au jambo ninaloomba litendeke? « Vous » ya wakati uliopita hushtaki hata kama hukukusudia. « Vous » inayoangalia mbele huomba. Mengine yote nitakayosema leo yanazunguka hapo.

Sasa, ukishamwondoa mtu kwenye nafasi ya kiima, nani akae pale? Sisi tuna kauli ya kutendeka, na tunaitumia kila siku bila kufikiri: kikombe kimevunjika, chakula kimemwagika, hesabu imeharibika. Hakuna anayeulizwa nani. Kifaransa hakina umbo moja linalofanya kazi hiyo yote, lakini kina njia tatu ambazo, zikichanganywa vizuri, zinafika palepale. Ya kwanza ni kukiweka kitu chenyewe kuwa kiima: « le total indiqué est de 482 », jumla iliyoonyeshwa ni 482. Ya pili ni ile « il » isiyo mtu: « il manque une ligne », kuna mstari unaokosekana, « il reste un point à vérifier », kuna jambo moja limebaki la kuhakikiwa. Ya tatu ndiyo ninayoipenda, na inashangaza jinsi inavyofanana na kauli yetu ya kutendeka: « une erreur s'est glissée dans le tableau ». Kosa limejipenyeza lenyewe ndani ya jedwali, kama nyoka anayepita chini ya mlango wakati hakuna anayemwona. Wafaransa huandika hivyo hata wanapojua fika ni nani aliyefungua mlango.

Njia hii ya tatu ina mpaka wake, nao ni huu: inadai kwamba kosa lipo. Ikiwa bado hujathibitisha, usilipenyeze kosa mahali ambapo huenda halimo.

Hilo linanileta kwenye neno « kosa » lenyewe. Kiswahili hulibebesha neno hili mzigo mzito. Kosa la tahajia ni kosa, kosa la jinai ni kosa, na tunapotania husema kosa si kosa, kosa kurudia kosa, neno lilelile likibadilika maana ndani ya pumzi moja. Mwandishi wetu anapofika kwenye Kifaransa anachukua neno la kwanza analolikumbuka, na mara nyingi neno hilo ni « faute ». Ni kweli kwamba kwa tahajia Wafaransa husema « une faute d'orthographe » bila ubaya wowote. Lakini likitoka nje ya tahajia, « faute » huleta harufu ya hatia: « c'est votre faute » maana yake ni wewe wa kulaumiwa. « Erreur » ni nyepesi zaidi, ni kukosea kwa akili, si kwa nia. « Coquille » ni herufi iliyoteleza wakati wa kuchapa, na ni neno la upole mno. Ukimwambia mtu ana « une coquille » kwenye ukurasa wa kwanza atacheka na kuirekebisha. Na kwa tarakimu zisizolingana kuna neno bora kuliko yote hayo, nalo ni « écart », yaani tofauti au pengo. « Écart » halisemi nani amekosea, wala halisemi kwamba kuna aliyekosea. Linasema tu kwamba kati ya 467 na 482 pana nafasi ya 15. Kama ningeliandika neno hilo moja siku ile badala ya « faux », nusu ya barua yangu ingekuwa salama.

Niseme pia juu ya kivumishi kidogo « votre ». « Votre erreur », « votre tableau », hata « votre total ». Mara nyingi « le » inatosha. Jedwali ni la ripoti, na ripoti ni yenu wote.

Sasa tuje kwenye nyakati za vitenzi, ambako nimeona hata waandishi hodari wakiteleza. Wengi wamefundishwa kwamba hali ya masharti ni hali ya adabu, kwa hiyo wanainyunyiza kila mahali kama chumvi. Wafikirie kwanza « -nge- » yetu wenyewe. Ukisema « ningependa unisaidie », hiyo ni adabu. Lakini ukisema « ungeniambia mapema », hiyo si adabu tena. Hiyo ni lawama, na kila mtu aliyelelewa katika Kiswahili anaisikia hivyo. Kifaransa kina mgawanyiko uleule, ila chenyewe kimeuweka wazi katika umbo la kitenzi. « Pourriez-vous », je, mngeweza. « Serait-il possible de », ingewezekana. « Il faudrait », ingefaa: hizi zinaangalia mbele na zinalainisha. Lakini « vous auriez dû me l'envoyer », mlipaswa kunitumia, na « vous auriez pu me prévenir », mngeweza kunitaarifu, ni lawama mbichi, na haijalishi umezipamba kwa maneno gani ya heshima pembeni. « Vous deviez », niliyoiandika mimi, ni ndugu yao wa karibu.

Kuna mtego mwingine ndani ya hali hiyohiyo, na huu haujulikani sana. Magazeti ya Kifaransa hutumia hali ya masharti kutoa habari ambayo haijathibitishwa: « il y aurait trois blessés » maana yake inasemekana kuna majeruhi watatu. Kwa hiyo ukimwandikia mwenzako « il y aurait un écart de 15 » ukidhani unalainisha, unachomwambia ni kwamba umesikia tetesi kuhusu jedwali lake. Atajiuliza nani anasema, na wapi. Kumbe ni wewe mwenyewe uliyejumlisha! Ukweli uliouhesabu uandike kwa kauli ya moja kwa moja, « il y a un écart de 15 », kwa sababu tarakimu haimtukani mtu. Ulainishaji uuhifadhi kwa ajili ya ombi. Nimeona barua nyingi zilizofanya kinyume kabisa: ukweli umefunikwa kwa mapazia, kisha ombi likatoka likiwa amri.

Na ombi kutoka kama amri ni rahisi kwetu, kwa sababu ya neno « naomba ». Katika Kiswahili « naomba » ndilo neno la unyenyekevu lenyewe. Naomba chumvi, naomba radhi. Lakini « je demande que vous corrigiez le tableau » linasikika kama hakimu anayetoa maagizo. Ukiligeuza likawa « je vous prie de corriger », neno linaloonekana kama la sala, bado msomaji wa ofisini analisoma kama agizo lililovaa suti. Halafu kuna « merci de corriger », niliyoitumia mimi nikidhani nimeshukuru. Kushukuru kabla mtu hajakubali ni kumwambia kwamba hana nafasi ya kukataa. Kwa mambo madogo ya kila siku haina neno, lakini mwishoni mwa barua ya kukosoa inafunga mlango. Swali la kweli, lenye alama ya kuuliza, lenye siku na saa, ndilo ombi ambalo Mfaransa analisikia kama ombi: « Pourriez-vous me transmettre le tableau revu avant jeudi midi ? » Siku na saa haziharibu adabu hata kidogo. Zinamwokoa msomaji asianze kukisia kama « dès que possible » maana yake ni sasa hivi au mwezi ujao.

Kwa wale wanaoandikia ofisi za serikali, na kwa wapenzi wa vitu vidogo kama mimi, kuna mapokeo ya zamani ya kiutawala yanayotofautisha « je vous prie de bien vouloir » na « je vous prie de vouloir bien ». La kwanza humwendea mkubwa au mtu unayemheshimu. La pili hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo wake, na ni amri. Wengi hawazingatii tena, lakini ukiwa huna uhakika, « bien » itangulie.

Yamebaki maneno madogo, na mimi ninayaogopa kuliko makubwa. « Encore » katika sentensi yangu ya kwanza ilikuwa na herufi sita tu, lakini ilifungua faili zima la makosa yaliyopita. Jozi inayofundisha zaidi ni « pas encore » na « toujours pas ». Sisi tuna « -ja- »: sijaipokea ripoti. Ndani ya « -ja- » kuna matarajio kwamba itakuja, wala hakuna kinyongo. Hiyo ndiyo « je n'ai pas encore reçu le rapport ». Tunapotaka kuonyesha kwamba tumechoka kusubiri tunaongeza: hadi leo sijaipokea. Hiyo ndiyo « je n'ai toujours pas reçu le rapport ». Kamusi nyingi zitakupa tafsiri moja kwa zote mbili, na ndiyo maana mtu anaweza kuandika ya pili kwa nia njema kabisa na kumkasirisha mwenzake. Pamoja nazo niziweke « une fois de plus », « comme je vous l'ai déjà dit » na « je vous rappelle que ». Zote zinasema jambo moja: nimekwisha kukwambia. Kama ni lazima kukumbusha makubaliano, yakumbushe makubaliano yenyewe, si mtu aliyeyasahau: « nous avions prévu une relecture avant l'envoi », tulikuwa tumepanga kupitia kabla ya kutuma.

Swali « pourquoi » nalo lina shida yake. Linapofuatwa na kukanusha, « pourquoi n'avez-vous pas », halisubiri jibu; linasubiri kujitetea. Ukitaka kweli kujua sababu, uliza kuhusu kitu: « manque-t-il une ligne ? », kuna mstari unaokosekana?

Baada ya kuyajua hayo, ningeliandika hivi:

« Objet : Rapport trimestriel – total du tableau, page 7

Bonjour,
Merci pour l'envoi du rapport. En additionnant les trois lignes du tableau de la page 7 (184, 153 et 130), je trouve 467 participants, alors que le total indiqué est de 482. Je ne m'explique pas cet écart de 15 : manque-t-il une ligne, ou ai-je sous les yeux une ancienne version ?

Le partenaire ayant déjà reçu le rapport, il faudrait lui adresser un rectificatif. Pourriez-vous me transmettre le tableau revu avant jeudi midi ?

Un écart du même ordre était apparu dans le rapport précédent. Je vous propose de relire ensemble les totaux avant le prochain envoi.

Bien cordialement »

Itazameni kwa karibu. Haijaficha kitu. Tofauti ya watu 15 imetajwa, ripoti kutumwa mapema kumetajwa, na hata kwamba hii si mara ya kwanza kumetajwa, tena mwishoni, likiwa limeambatana na pendekezo, si mwanzoni likiwa kama hasira. Mada haisemi « erreur dans votre rapport », inasema mahali. Shukrani ya mwanzo ni ya kupokea ripoti, si sifa ya uongo kwamba kazi ni nzuri mno, kwa maana sifa inayofuatwa na « mais » katika sentensi ileile huzimwa na « mais » hiyo, na msomaji hukumbuka kilichokuja baada yake. « Je trouve » na « je ne m'explique pas » zinaliweka tatizo mikononi mwangu mimi ninayeshindwa kuelewa. Na « vous » kama kiima imebaki mara moja tu, ndani ya « pourriez-vous », ikiangalia Alhamisi inayokuja.

Mtu mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini sikutumia « sauf erreur de ma part », yaani isipokuwa kama nimekosea mimi. Ni kirai kizuri, na pale unapokuwa na shaka ya kweli kitumie. Lakini kimetumiwa mno kama kisu kilichofunikwa kwa kitambaa. « Sauf erreur de ma part, je n'ai pas reçu de réponse à mon message » ni sentensi ambayo kila mfanyakazi wa ofisini anaielewa kama « mbona hujibu ». Ukikitumia mahali ambapo ni dhahiri kwamba hujakosea, kinageuka kejeli. Vivyo hivyo kwa ulainishaji uliopita kiasi. « Je me demandais s'il ne serait pas éventuellement possible de jeter un petit coup d'œil au tableau » ni sentensi yenye tabaka nne za adabu juu ya ombi moja, na hutokea mojawapo ya mambo mawili: ama msomaji anadhani unamdhihaki, ama hagundui kabisa kwamba kuna jambo la kurekebisha, na Alhamisi inapita. Tabaka moja kwa kila ombi linatosha.

Kuna ishara nyingine ambazo hazimo ndani ya sentensi. Kama mmezoea kuitana « tu », msirudi kwenye « vous » siku ya kukosoana. Kiswahili sanifu hakitupi jozi hiyo, kwa hiyo hatuhisi jinsi badiliko hilo linavyouma, lakini kwa Mfaransa ni kama mtu aliyesogeza kiti chake nyuma. Kama kwa kawaida unafunga na « Bien à toi », « Cordialement » tupu itasomwa kuwa baridi. Nukta tatu mwishoni mwa sentensi husomwa kama kuguna. Alama za kunukuu kwenye neno la mwenzako, « la « vérification » du tableau », husomwa kama mzaha. Na kisanduku cha « Cc » ni zito kuliko maneno yote: barua laini kabisa ikiwa na nakala kwa mkuu wa mtu ni mashtaka yaliyoletwa na shahidi.

Yote haya yanafaa pale jambo linapokuwa kitu: jedwali, tarehe, aya, faili. Kama tatizo ni mwenendo wa mtu, kama vile kumkatiza kila mmoja katika vikao, hakuna « il manque » itakayokusaidia, kwa sababu hapo mtu mwenyewe ndiye kiima cha kweli na kumwondoa ni kudanganya. Mwombe mzungumze kwa sauti. Katika barua andika muda wa mazungumzo tu.

Nirudi kwenye ripoti yetu, kwa maana sijawaambia ilivyoisha. Baada ya lile jibu la sentensi moja nilifungua faili lenyewe la takwimu badala ya ile nakala ya kuchapishwa. Jedwali lilikuwa na mistari minne. Wa nne, wenye washiriki 15, ulikuwa umefichwa na kichujio ambacho mtu fulani, yeyote yule, alikiwasha na kukiacha. Chini yake kulikuwa na fomula ya `SOMME`, ambayo hujumlisha kila kitu hata kilichofichwa na kichujio. Jumla ya 482 ilikuwa sahihi. « Le total est faux », sentensi pekee katika barua yangu ambayo niliamini haina ubishi, ndiyo iliyokuwa ya uongo. « Écart » ingelikuwa kweli. « Manque-t-il une ligne ? » ingelikuwa kweli kuliko nilivyoweza kujua.

Nilimwandikia tena, safari hii bila nakala kwa mtu yeyote: « J'ai conclu trop vite : le total est juste, c'est une ligne filtrée qui n'apparaît pas dans le tableau. Je regrette le ton de mon message. » Kosa lilikuwa langu, kwa hiyo hapo kiima kilikuwa « je », tena kwa wakati uliopita, kwa sababu kwa nafsi ya kwanza hakuna haja ya kulipenyeza kosa chini ya mlango. Nikaongeza kwamba ripoti iliyotangulia ilikuwa na kichujio kilekile, na nikauliza kama tungeweza kuibadilisha `SOMME` kuwa `SOUS.TOTAL`, ambayo huhesabu tu mistari inayobaki wazi baada ya kuchuja, ili kichujio kikisahaulika tena jumla isitofautiane na mistari inayoonekana, huku tukiendelea kukagua vichujio kabla ya kuchapisha.

Alijibu baada ya saa moja. Jina la mkuu wake halikuwamo kwenye kisanduku cha nakala. Aliandika: « Bien vu. Je n'avais pas remarqué le filtre non plus. On regarde ça ensemble demain matin ? »